Kikaratasi Kimoja, Mstari Mmoja

Wanachuo wenzangu, kuna kazi ndogo ambayo wengi wetu tumeshawahi kupewa na tukaifanya hovyo bila kujua kwamba tumeifanya hovyo. Mtu anakutumia picha ya vikaratasi vya kunata, vile vya rangi rangi tunavyoviita stiki noti, vimebandikwa kwenye friji au juu ya meza. Anakuambia, "Nichapie hivi." Wewe unafungua kompyuta, unachapa dakika kumi, unatuma, unapewa asante. Mimi nilipewa kazi hiyo mwaka jana na mama yangu mdogo, nikaifanya, na kwa sababu yake mama mmoja wa Mbamba Bay alidaiwa mbele za watu pesa ambazo hakuwa anadaiwa. Ndiyo maana naandika.

Msimamo wangu nautoa mapema ili asiye na muda aondoke nao. Kuchapa vikaratasi ni kunakili, si kufupisha. Kila kikaratasi kiwe na mstari wake peke yake, na kila mstari useme rangi ya karatasi yake. Muhtasari ni kazi ya pili, na hufanywa kutokana na orodha hiyo, siyo badala yake.

Sasa nieleze ilivyokuwa.

Kwetu ni Mbinga, huku juu kwenye baridi na kahawa. Mama mdogo yeye aliolewa chini ziwani, Mbamba Bay, makao makuu ya Wilaya ya Nyasa ile iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Ana duka dogo lenye friji moja nyeupe. Anauza soda, mchele, sabuni na samaki: usipa wakavu kwa sado, na mbasa anapopatikana. Biashara ya pale ina kalenda mbili. Ziwa linatoa samaki kwa wakati wake, na pesa inashuka kutoka milimani kwa wakati wake, yaani kahawa ikishalipwa. Katikati ya hapo watu wanakopeshana. Mama mdogo daftari la madeni alikuwa nalo zamani, likaloa mvua. Tangu hapo anaandika kwenye vikaratasi vya kunata na kubandika kwenye mlango wa friji, kwa sababu friji ndiyo kitu anachokiangalia mara nyingi zaidi dukani.

Mwezi wa nne alitakiwa kwenda Songea kwa matibabu. Usiku kabla ya safari alipiga picha moja ya mlango mzima wa friji. Asubuhi akaona haisomeki vizuri, akapiga nyingine mbili kwa karibu, moja ya nusu ya juu na nyingine ya nusu ya chini. Akanitumia zote tatu kwa WhatsApp na ujumbe: "Mwanangu, nichapie hivi umtumie mdogo wako, yeye ndiye atakaa dukani." Nikajibu, "Shikamoo mama, nimeziona, leo leo." Nilikuwa na jaribio kesho yake. Jamani, nilitaka kumaliza.

Nikafanya kile ambacho mwanachuo yeyote angefanya. Niliiacha picha ya usiku kwa sababu ilikuwa na giza, nikachukua zile mbili za karibu. Nikaona majina yanajirudia, nikasema nipange kwa majina ili dogo asihangaike. Mbele ya kila jina nikaweka kiasi, na pale jina lilipotokea mara mbili nikajumlisha. Nikaweka kichwa cha habari kwa herufi nene: MADENI. Ilipendeza kweli. Jedwali safi, mistari imenyooka, jumla chini.

Ndani ya jedwali lile kulikuwa na mstari huu: Mama K, 30,000.

(Majina nimeyageuza herufi. Madeni ya watu si ya kuchapwa gazetini.)

Wiki ile umeme ulikatika karibu siku nzima. Barafu ya friji ikayeyuka, mlango ukatoa jasho, vikaratasi vikaanza kuanguka kimoja kimoja. Gundi ya vikaratasi hivi ni dhaifu kwa makusudi: ni vitonge vidogo sana vinavyoshika juu juu ili karatasi ibanduke bila kuchanika. Maji yakiingia kati ya vitonge na bati, hakuna kinachoshika tena. Dogo akafagia, akaona haina neno, si orodha anayo kwenye simu? Akaitumia orodha yangu. Mama K alipokuja kununua sabuni, dogo akamwambia kwa adabu zote kwamba kuna 30,000. Dukani kulikuwa na watu wanne. Mama yule hakubishana. Aliacha sabuni juu ya meza akaondoka.

Mama mdogo aliporudi na kusikia, alinipigia. Hakufoka. Aliniuliza swali moja tu: "Ile ya pinki uliiona?"

Niliiona. Lakini sikuwa nimeiandika kama pinki. Kwa mama mdogo, njano ni mtu aliyechukua bidhaa bila kulipa. Pinki ni mtu aliyeacha pesa kabla ya kupata bidhaa. Kijani ni kile ambacho yeye mwenyewe anadaiwa na wavuvi. Mama K alikuwa na njano ya 18,000 kwa sado mbili za usipa, na alikuwa na pinki ya 12,000, pesa aliyoiacha akisubiri mbasa. Ukipiga hesabu ya haki, alibakiza 6,000, tena mbasa wake alikuwa hajapewa. Mimi nilijumlisha deni lake na pesa yake mwenyewe. Nilimwongezea mama wa watu 24,000 kwa kuondoa rangi.

Tuangalie kosa lilipoingia, maana halikuingia kwenye kusoma. Kila neno nililisoma sawasawa na kila tarakimu ilikuwa sahihi. Ukinipa mtihani wa imla ningepata alama zote. Kosa liliingia nilipoamua kwamba karatasi ni chombo tu na maneno ndiyo mali. Kwenye daftari hilo ni kweli, kwa sababu kurasa zote zina rangi moja. Kwenye mlango wa friji, nusu ya sentensi iko kwenye karatasi. Mama mdogo hakuandika neno "anadaiwa" wala "amelipa" popote, kwa kuwa rangi ilishalisema. Anayechapa maneno peke yake anachapa nusu ya sentensi.

Basi nikarudia kazi, safari hii kutoka kwenye picha tu, kwa kuwa vikaratasi vyenyewe vilishakwenda na taka. Nieleze nilivyofanya, kwa sababu hapa ndipo penye faida kwa mtu mwingine.

Kwanza nilihesabu kabla ya kuchapa hata herufi moja. Ile picha ya usiku niliyoidharau ndiyo pekee iliyoonyesha mlango wote, na ilikuwa na vikaratasi 19. Picha ya nusu ya juu ilikuwa na 12, ya nusu ya chini 10. Jumla 22. Vitatu vya katikati vilikuwa vimeingia kwenye picha zote mbili, na mimi mara ya kwanza nilivichapa mara mbili bila kushtuka. Yaani mbali na Mama K kulikuwa na watu watatu ambao deni lao lilikuwa limezaa usiku. Hakuna namna ya kuligundua kosa hilo kwa kusoma orodha, kwa sababu mtu kweli anaweza kukopa kitu kilekile mara mbili. Linagunduliwa kwa kuhesabu picha ya jumla tu. Kwa hiyo ukitumiwa picha za karibu peke yake, omba na ya mbali.

Pili, nikavipa namba kwa mahali vilipokaa: kutoka kushoto kwenda kulia, safu ya juu kwenda ya chini. Sikupanga kwa jina wala kwa kiasi. Ukipanga kwa jina umeshaamua kwamba Mama K wa huku ni Mama K wa kule, na huo ni uamuzi wa mwenye duka, si wako. Namba za mahali zinamruhusu mtu yeyote kushika picha mkononi na orodha mkono wa pili, akahakikisha kimoja kimoja.

Tatu, kila mstari ukaanza na rangi ya karatasi, kisha maneno yenyewe kama yalivyo, na alama ya mkwaju pale mstari wa mwandishi ulipokatika. Kosa la herufi nikaliacha. Kilichofutwa nikaandika kwamba kimefutwa. Ilikuwa hivi:

1. NJANO: "Mama K / usipa sado 2 / 18,000 / baada ya kahawa"

7. PINKI: "Mama K / 12,000 / mbasa"

11. PINKI (picha ya usiku inaonyesha chungwa): "Kaka wa basi / 5,000 / [neno moja halisomeki]"

14. KIJANI: "Mzee N / neti / 40,000 / nusu bado"

17. BLUU: "Mwl. S / mchele kg 5 / 13,500"

Angalia ya 1 na ya 7. Zikiwa mbali hivyo, kila moja na rangi yake, hata mtu asiyejua kanuni ya mama mdogo atasita kuzijumlisha. Atajiuliza kwa nini hii njano na ile pinki. Orodha haimpi jibu, ila inamlinda swali lake. Jedwali langu la kwanza lilikuwa limeliua swali kabla halijaulizwa.

Ya 11 ilinipotezea muda kuliko zote, na inafundisha kwamba rangi yenyewe si jambo la kutupia jicho tu. Usiku, chini ya taa ya mwanga wa njano, pinki kali huonekana kama chungwa, na karatasi nyeupe huweza kuonekana kama njano. Simu nayo hujaribu kusawazisha mwanga, mara inapatia mara inakosea. Utajuaje? Tafuta ndani ya picha hiyohiyo kitu ambacho una hakika na rangi yake. Mimi nilikuwa na friji yenyewe. Friji ni nyeupe, nimeishika kwa mikono yangu. Kwenye picha ya usiku ilionekana ya rangi ya malai, maana yake kila kitu ndani ya picha ile kilikuwa kimevutwa kuelekea njano. Kwenye picha ya asubuhi friji ilikuwa nyeupe, na kikaratasi namba 11 kilikuwa pinki. Nikaamini ya asubuhi, lakini nikaandika kwamba ya usiku inasema vingine. Kama ningekuwa na picha ya usiku peke yake, ningeandika "chungwa au pinki" na kuishia hapo. Shaka iliyoandikwa haimdhuru mtu. Iliyofichwa ndiyo hiyo ilimfanya Mama K aache sabuni juu ya meza.

Halafu kuna karatasi na kuna wino. Hivi ni vitu viwili, tuache kuvichanganya. Ukisema "ile nyekundu", mwenzako hajui kama unasema karatasi au kalamu. Mimi sasa naandika rangi ya karatasi siku zote, na rangi ya wino pale tu inapobadilika ndani ya kikaratasi kimoja, kwa sababu hapo huenda mtu alirudi siku nyingine akaongeza. Kwenye namba 14, "nusu bado" iliandikwa kwa wino mwingine. Hiyo ni habari: deni la neti lilishaanza kulipwa.

Najua mtakachosema, kwa sababu rafiki yangu wa chumbani alishalisema: "Sasa kama rangi haina maana? Watu wengine wanachomoa tu kilicho juu." Ni kweli, tena ushahidi ninao. Ile bluu namba 17 ilikuwa peke yake. Nikaanza kujitungia nadharia: huenda bluu ni walimu, huenda ni watu wa mshahara. Nilipomuuliza mama mdogo alicheka sana. Njano ilikuwa imeisha, akachukua bluu.

Hata historia yenyewe iko upande wa rafiki yangu. Gundi hii dhaifu ilipatikana mwaka 1968 na Spencer Silver, mkemia wa kampuni ya Marekani ya 3M, ambaye alikuwa anatafuta gundi kali na akaambulia kinyume chake. Miaka kadhaa baadaye mwenzake, Arthur Fry, akaitumia kushikilia alama za kurasa kwenye kitabu chake cha nyimbo za kwaya. Vilipoanza kuuzwa kote Marekani mwaka 1980 vilikuwa vya njano, na inasimuliwa kwamba njano ile haikuchaguliwa na mtu. Karatasi chakavu zilizokuwa kwenye maabara ya jirani zilikuwa za njano, basi. Kwa hiyo rangi haizaliwi na maana. Maana inatolewa na mwenye friji, au haitolewi.

Lakini hoja hiyo inanisaidia mimi kuliko inavyomsaidia rafiki yangu. Kama wakati mwingine rangi ni sheria na wakati mwingine ni bahati tu, anayejua tofauti ni mmoja: aliyeandika. Mchapaji aliyekaa kilomita mia kadhaa na picha ya simu hana njia ya kujua. Akiandika rangi zote, mwenyewe ataziona na kusema hii ina maana, hii haina. Asipoandika, hata mwenyewe hawezi tena kusaidia. Kuandika neno "bluu" kulinigharimu herufi nne, na kutokuandika "pinki" kuligharimu zaidi. Kosa jingine, la upande wa pili, ni kuandika maana badala ya rangi: kuweka "AMELIPA" pale ulipoona pinki. Mimi nimejua kanuni sasa, na bado naandika PINKI. Maana inakaa juu ya orodha, mara moja, pamoja na jina la aliyenieleza na tarehe aliyonieleza. Siku mama mdogo akibadilisha kanuni yake, orodha ya zamani haitageuka kuwa uongo.

Baada ya orodha hiyo ndipo nikatengeneza jedwali la madeni. Njano 9, pinki 5, kijani 4, bluu 1: jumla 19, sawa na picha ya mbali. Jedwali la pili lilikuwa na sura ileile nzuri kama la kwanza, ila kila kiasi kilikuwa na namba ya kikaratasi pembeni yake. Mtu akibisha, unafungua namba 7, unafungua picha, mnaangalia pamoja.

Kwa nini nawaletea ninyi habari za friji ya Mbamba Bay? Kwa sababu muhula uliopita tulikaa ukumbini, kila mmoja akapewa kikaratasi aandike kero moja ya hosteli abandike ukutani. Wasichana walipewa pinki na wavulana njano, ili maoni yasichanganyike. Ukuta ukapigwa picha, karani akaenda kuchapa. Taarifa iliyorudi ilikuwa na mistari mitano: maji, umeme, usafi, miundombinu, mengineyo. Mimi nilisimama karibu na ukuta ule. Nakumbuka vikaratasi vitatu vya pinki, kwa mwandiko tofauti, vyote vinasema kitasa cha bafu hakifungi. Kwenye taarifa, vitasa vile vimo ndani ya "miundombinu", pamoja na viti vilivyovunjika vya chumba cha kujisomea. Rangi haikutajwa popote. Anayesoma taarifa ile hawezi kujua kwamba waliolalamikia kitasa ni wasichana, wala kwamba walikuwa watatu. Simlaumu karani. Alifanya nilichofanya mimi, na alitaka kumaliza kama mimi.

Picha ya ukuta ule nadhani bado iko kwenye simu ya mtu. Namwomba aitume. Nitaichapa mwenyewe, kimoja kimoja, na rangi zake, na nitaikabidhi kwa uongozi kabla hatujagawiwa vyumba vya muhula ujao.

Mama K amerudishiwa heshima yake kwa maneno. Mama mdogo alikwenda nyumbani kwake na mbasa wawili, akaomba radhi, wakaelewana, na ile 6,000 ikafutwa. Lakini nilipoenda likizo nilimwona anapita na ndoo yake kuelekea duka la pili. Alinisalimia vizuri. Hakuingia.